Nani anatenda katika wimbo huu? Tunapitia rasimu ya wimbo wa Komunyo



Katika somo hili tunachukua rasimu moja ya wimbo wa Komunyo na kuihariri mshororo kwa mshororo. Mtunzi wake ni mwanakwaya mwenzetu, anayeimba sauti ya tatu. Yeye mwenyewe ametuletea, na ametupa ruhusa ya kuichana na kuishona upya mbele yenu, kwa sharti kwamba ubeti wa mwisho tumwachie. Kila mshororo ulikusudiwa kuwa na mizani nane, yaani silabi nane, na mshororo wa pili na wa nne wa kila ubeti vinapatana kwa kina. Rasimu yenyewe ni hii:

Kiitikio
Ninakuja mimi Bwana,
Ninakuja mbele zako,
Ninakuja kweli Bwana,
Kupokea mwili wako.

Ubeti wa 1
Leo mimi nina raha,
Furaha tele moyoni,
Naimba kwa shangwe sana,
Nacheza humu kanisani.

Ubeti wa 2
Yesu wewe ni mzuri,
Mzuri kweli kabisa,
Mkate wako mtamu,
Nimeshauonja sasa.

Ubeti wa 3
Nitaimba siku zote,
Nitakusifu daima,
Sitachoka mimi kamwe,
Nitaimba, nitahema.

Tuseme wazi kwamba wimbo huu si mbaya kuliko nyingi tunazoziimba. Ukipewa sauti nne nzuri na mpiga kinanda hodari, utapita, na pengine watu watauomba tena. Ndiyo maana unafaa kwa somo. Ulegevu wa maneno hujificha vizuri chini ya muziki mzuri, kwa hiyo hatua ya kwanza tuliyochukua ni kuuweka muziki kando na kuyaandika maneno kama sentensi za kawaida, bila mistari. Jaribuni kwa ubeti wa kwanza: leo mimi nina raha, furaha tele moyoni, naimba kwa shangwe sana, nacheza humu kanisani. Maneno haya anaambiwa nani? Mungu hatajwi wala hasemeshwi popote katika ubeti mzima. Ukiondoa neno la mwisho, ubeti huo unaweza kuimbwa kwenye sherehe ya kuzaliwa bila mtu kushtuka.

Kuhesabu vitenzi

Sisi tunaosoma falsafa tumezoea kuuliza juu ya kila tendo: mtendaji ni nani? Swali hilo ndilo chombo chetu cha kwanza, na katika Kiswahili ni rahisi kulitumia kwa sababu mtendaji ameandikwa mwanzoni mwa kitenzi chenyewe. Tulichukua kalamu, tukapiga mstari chini ya kila kitenzi na kuandika pembeni jina la anayetenda.

Matokeo yake ni haya. Kiitikio kina "ninakuja" mara tatu na "kupokea" mara moja, na vyote ni vya mwimbaji. Ubeti wa kwanza: nina, naimba, nacheza. Ubeti wa pili: "ni" katika "ni mzuri", halafu nimeshauonja. Ubeti wa tatu: nitaimba, nitakusifu, sitachoka, nitaimba, nitahema. Jumla ni vitenzi 14. Kati ya hivyo, 13 ni vya mwimbaji. Yesu ana kimoja tu, nacho ni "ni", kitenzi kishirikishi, ambacho hakielezi tendo lolote. Katika wimbo mzima wa Ekaristi, Kristo hatoi, hamegi, haiti, halishi, wala hafi msalabani. Amekaa tu, ni mzuri, anatazama tunavyomjia.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana wapo wanaosikia hoja hii na kuanza kufuta kila "mimi" wanayoikuta. Hilo si sahihi. Zaburi zimejaa "mimi". Tazameni Zaburi ya 23: mwenye kusali anajitaja karibu katika kila aya, lakini mwenye kulaza, kuongoza, kuburudisha, kuandaa meza na kupaka mafuta ni Bwana. Utenzi wa Bikira Maria katika Luka 1 unaanza na nafsi yake mwenyewe, kisha baada ya maneno machache vitenzi vyote vizito vinamhamia Mungu: ndiye aliyetazama, aliyetawanya, aliyeshusha, aliyekweza, aliyeshibisha. Hata ule utenzi wa Kilatini wa kuabudu Ekaristi unaohesabiwa kuwa wa Mtakatifu Thoma wa Akwino unasema "mimi" waziwazi. Kwa hiyo tusitafute kama mwimbaji yumo. Tutafute kama amekuwa mtendaji pekee, na hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu badala ya kukisia.

Kuna sababu nyingine inayotokana na mahali wimbo unapoimbwa. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, namba 86, unaeleza kwamba wimbo wa Komunyo huanza padre anapopokea, na kwamba kazi yake ni kuonyesha umoja wa kiroho wa wanaokomunika kwa umoja wa sauti zao, kudhihirisha furaha ya moyo, na kuweka wazi zaidi kwamba maandamano ya kwenda kupokea ni ya jumuiya. Basi fikirini watu mia tatu wamesimama kwenye foleni mbili, kila mmoja akiimba "ninakuja mimi". Furaha ipo, ndiyo, lakini umoja haupo. Wimbo uleule ukiimbwa na mtu mmoja anayepiga magoti peke yake mbele ya tabernakulo usingekuwa na kasoro hiyo. Hivyo katika hatua hii tuliamua mambo mawili: nafsi iwe "sisi", na Kristo apewe vitenzi vya kutenda.

Vitenzi hivyo hatukuvibuni. Konstitusio ya Liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1963), namba 121, inataka maneno ya nyimbo yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika vyanzo vya liturujia. Tukachagua tukio moja tu, wanafunzi wa Emau katika Luka 24:13-35, na kuandika pembeni vitenzi vyote ambavyo Yesu anavitenda pale: alikaribia, alitembea nao, aliuliza, alieleza, aliingia, alitwaa, alibariki, alimega, aliwapa. Tukawa na orodha ndefu kuliko nafasi tuliyonayo, na hiyo ni shida nzuri. Mtunzi ambaye ana mambo tisa ya kusema katika mishororo minne hahitaji "kweli" wala "kabisa".

Maneno ya kujazia

Maneno ya kujazia huzaliwa hivi. Kwa kawaida mtunzi anaanza na sauti. Ameshaandika nota za solfa, zina viti nane, na wazo lake lina silabi tano. Viti vitatu vimebaki wazi, na lugha yetu ina akiba kubwa ya maneno ya silabi mbili yanayoweza kukaa popote bila kudhuru chochote: leo, mimi, sana, kweli, sasa, tena, humu. Kwa ukosefu wa silabi moja kuna "ee" na "na".

Njia ya kuyatambua ni kufuta neno na kuusoma mshororo tena. Kama maana haikupungua, neno lilikuwa la kujazia. Katika ubeti wa kwanza tulifuta "leo", "mimi", "sana" na "humu". Hakuna kilichopotea. "Mimi" ndilo lililo wazi kuliko yote, kwa sababu "nina" tayari imeshasema kwamba ni mimi. Silabi hizo ni nane kati ya 33 za ubeti huo, karibu robo nzima. Na bado kuna kujazia kwa aina ya pili ambako ni vigumu zaidi kukugundua: "nina raha" na "furaha tele moyoni" ni wazo moja lililosemwa mara mbili. Ukihesabu hivyo, ubeti unabaki na taarifa moja tu, kwamba mwimbaji amefurahi.

Kujazia kwingine kumo ndani ya neno lenyewe. "Nimeshauonja" ina silabi sita. "Nimeuonja" ingetosha, lakini ingekuwa na tano, kwa hiyo "-sha-" imeingizwa ili kufikia nane. Washairi wetu wanaziita mbinu za namna hii kwa majina yake: kurefusha neno ni mazida, kulifupisha ni inkisari, na zote mbili ni ruhusa za kale za ushairi wa Kiswahili. Hatuzikatazi. Tunachouliza ni kama urefushaji umeleta kitu. Hapa umeleta madhara, maana "nimeshauonja sasa" inasikika kama mtu aliyemaliza kazi na yuko tayari kuondoka.

Neno lililotusumbua zaidi ni "Bwana" katika kiitikio. Limetumika mara mbili, na mara zote mbili linajaza viti vya mwisho. Mmoja wetu alitania kwamba huko ni kulitaja bure jina la Bwana, na utani huo una ukweli wake. Lakini baya zaidi limo katika mshororo wa kwanza. Someni kwa sauti, bila kusimama: "Ninakuja mimi Bwana." Kwenye karatasi unaweza kuweka mkato kabla ya "Bwana" na kila kitu kikaeleweka, ila mkato hausikiki katika kuimba. Mwamini aliye mlangoni anasikia mwimbaji akijitangaza kuwa ndiye Bwana.

Tusifute ovyo, hata hivyo. "Leo" katika wimbo wa Noeli si neno la kujazia, ni kiini cha sikukuu, kwa sababu malaika katika Luka 2 anatangaza tukio la siku ileile, na liturujia inalishika neno hilo kwa makusudi. Marudio nayo si kujazia. "Mtakatifu" husemwa mara tatu katika Misa, na hakuna aliyewahi kuona kwamba mara mbili zingetosha. Katika rasimu yetu "ninakuja" mara tatu ingeweza kusamehewa kwa hoja hiyohiyo. Tuliiondoa kwa sababu ya mtendaji tu, si kwa sababu ya kurudiwa.

Vina dhaifu

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba kina ni silabi za mwisho zinazofanana, tukaishia hapo. Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alisisitiza vina na mizani kama nguzo za shairi, na vizazi vya wanafunzi vimeshika hivyo. Tatizo la mtunzi wa nyimbo za kanisa si kukosa vina. Kiswahili kinampa vina vingi mno bila kumtoza chochote.

Karibu vitenzi vyote vya Kibantu vinaishia na "-a". Majina ya mahali yanapokea "-ni". Vimilikishi vya nafsi ya pili umoja vyote vina "-ako". Ndiyo maana "moyoni" inapatana na "kanisani", na pia na mbinguni, duniani, mezani, njiani na sokoni. Kinachopatana hapo ni kiambishi tu, na kiambishi kile kingekuwepo hata kama hakuna shairi. Sikio halipati mshangao wowote. Katika rasimu hii kina hicho kimedai bei pia: ili kufika kwenye "-ni", mtunzi ameleta "kanisani", na mshororo umefika silabi tisa. Hesabuni: na-che-za hu-mu ka-ni-sa-ni. Kwaya italazimika kubana silabi mbili kwenye nota moja, na hapo ndipo kila mtu anaimba kwa wakati wake.

"Kabisa" na "sasa" ni jambo tofauti. Silabi "-sa" si kiambishi, kwa hiyo kwa sauti kina hiki kina nguvu. Lakini maneno yote mawili ni ya kujazia. Kina huvuta sikio kwenye neno la mwisho, kama mtu anayenyosha kidole. Hapa tunanyoshewa kidole, tunatazama, na hatuoni kitu.

Cha tatu ni "daima" na "nitahema". Tulipomwuliza mtunzi kwa nini atahema, alicheka na kukiri kwamba alihitaji "-ma" na hakuwa na nyingine. Hiyo ndiyo dalili ya kina kilichoshika usukani. Dawa yake ni kugeuza utaratibu wa kazi: anza na neno ambalo lazima liwepo, liweke mwisho wa mshororo wa pili, kisha tafuta mwenzake kwa ajili ya mshororo wa nne. Kwetu neno la lazima lilikuwa "mkate". Kinachopatana nalo vizuri si "-te" peke yake. Ni "-ate", kwa sababu katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kina kinachoshika vokali hiyo yenye mkazo pamoja na silabi ya mwisho husikika kikamilifu. Tukaandika orodha: tufuate, tukamate, tupate, tukupate. La mwisho lilitupa wazo zima la ubeti.

Na kama orodha isingetoa kitu? Tungeacha kina. Liturujia haidai vina mahali popote, na Zaburi zenyewe zinasimama kwa mawazo yanayoambatana mstari kwa mstari. Kina kinasaidia kumbukumbu, na wanaotembea kwenda kupokea hawashiki vitabu, kwa hiyo tunakitaka. Ila mshororo usio na kina ni afadhali kuliko mwimbaji anayehema bila sababu.

Kushona upya

Kiitikio ndicho kilichochukua muda mrefu. Jaribio la kwanza lilikuwa "Mkate uliomega". Maana tuliyoitaka ni mkate ambao wewe, Bwana, uliumega. Lakini "u-" ile inaweza pia kuwa ya mkate wenyewe, na msikilizaji akabaki anajiuliza mkate umemega nini. Tukabadilisha kuwa "Mkate unaotupa", nasi tukaridhika mpaka mmoja wetu alipousoma kwa sauti na wengine wakaangua kicheko: ni mkate unaotupa sisi, au ni mkate unaoutupa jalalani? Ni kweli kwamba kitenzi hichohicho kimo katika Baba Yetu na hakuna anayekisikia vibaya, kwa kuwa sala hiyo tunaijua toka utotoni. Wimbo mpya hauna ulinzi huo. Tukahama kutoka "kupa" kwenda "kulisha":

Unatwaa, unamega,
Watulisha mwili wako;
Nasi wengi, tukiula,
Tunakuwa mwili wako.

"Watulisha" ni inkisari ya "unatulisha", tumeikubali kwa sababu imeokoa silabi bila kuficha maana. Wazo la mishororo miwili ya mwisho linatoka 1 Wakorintho 10:17, na Mtakatifu Augustino alilieleza kwa wabatizwa wapya katika Hotuba yake ya 272. Mtu anaweza kusema kwamba "wako" kwa "wako" ni kina dhaifu kuliko hata "zako" kwa "wako" ya rasimu, na kwa kanuni ya kawaida ana haki. Hapa tumerudia makusudi, kwa kuwa "mwili wako" wa kwanza ni Ekaristi na wa pili ni Kanisa. Anayeimba mara ya tano ataisikia tofauti hiyo hata kama hakuambiwa.

Tazameni pia mkazo. Katika mishororo yote minne mkazo unaangukia silabi ya tatu na ya saba: twa na me, li na wa, we na u, ku na wa. Mtunzi wa sauti akiweka mapigo mazito hapo, maneno yatasemwa kanisani kama yanavyosemwa nyumbani.

Ubeti wa kwanza ukawa hivi:

Jioni kule Emau
Uliumega mkate;
Fumbua na macho yetu,
Tukujue, tukupate.

Mshororo wa tatu tuliuandika kwanza "Tufumbue nasi macho". Ulikuwa na mizani nane safi, lakini "tufumbue" ina sura mbili: "wewe utufumbue sisi", au "sisi na tufumbue". Kwa sura ya pili mwimbaji angerudi kuwa mtendaji kupitia mlango wa nyuma, na zaidi ya hayo katika Injili wale wawili hawakujifumbua macho wenyewe. "Fumbua" haiachi shaka. Kuhusu "kule" tunakiri kwamba inakaribia kuwa neno la kujazia. Tumeiacha kwa kuwa inafanya kazi ya kuonyesha mahali, na bila hiyo "Jioni Emau" ingekwama mdomoni.

Ubeti wa pili wa rasimu ulikuwa na dhahabu ndani yake. Neno "nimeshauonja", pamoja na udhaifu wake wote, linatoka katika Zaburi ya 34, na zaburi hiyo imeandamana na Komunyo tangu zamani sana. Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, katika karne ya 4, anaitaja akiwaeleza wabatizwa wapya yale wanayoyasikia wakati wa kupokea. Kilichoharibu ni "mzuri". Zaburi inasema juu ya wema wa Bwana. Mzuri ni wa kutazamwa, mwema ni wa kukimbiliwa. Wenzetu wa metafizikia watatukumbusha kwamba uzuri na wema vinakutana katika kilicho, na hatubishani nao, lakini mtu mwenye njaa hakimbilii chakula kwa sababu ya sura yake. "Mwema" ikatupa kina cha "-ema", na hapo "hema" ya ubeti wa tatu ikarudi, safari hii ikiwa jina:

Wachovu na wenye njaa
Waonje kuwa u mwema;
Neno, ulitwaa mwili,
Ukapiga kwetu hema.

Katika Yohane 1:14 kitenzi cha Kigiriki kinachoeleza kwamba Neno alikaa kwetu kina maana ya kupiga hema. Hivyo neno ambalo lilikuwa la kujazia kuliko yote limepata kazi yake.

Mshororo wa kwanza hapa ulikuwa "Wenye njaa na uchovu". Mizani yake ni nane, hauna kosa ukiusoma peke yake. Lakini beti zote huimbwa kwa nota zilezile, na "Jioni" ina mkazo kwenye silabi ya pili. Ukiweka "Wenye" kwenye nota hizo, uzito unaangukia "nye", na watu wataimba "wenyé". Tukageuza mpangilio tu, "Wachovu" ikatangulia, na mkazo ukakaa kwenye "cho". Katika mshororo wa tatu bado kuna msuguano mdogo, maana "Neno" inaanza na mkazo wakati "Fumbua" inauchelewesha. Hilo tumemwachia mtunzi wa sauti. Nota moja ya ziada au kituo kifupi baada ya "Neno" kitamaliza jambo.

Tulirudi kwenye hesabu ya vitenzi. Sasa Kristo ana vinane, tukihesabu na "u" ya "u mwema": unatwaa, unamega, watulisha, uliumega, fumbua, ulitwaa, ukapiga. Watu wana vitano: tukiula, tunakuwa, tukujue, tukupate, waonje. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitano kinachosimama bila tendo la Kristo. Tunakula kwa sababu ametulisha, tunajua kwa sababu amefumbua.

Ubeti wa tatu wa rasimu haukusalia. Kila kitenzi chake ni ahadi ya mwimbaji juu ya nafsi yake, na ahadi ya kutochoka kamwe kuimba ni nzito kuibebesha foleni nzima ya waamini bila kuwauliza. Foleni ndefu lakini inahitaji ubeti mwingine, na mtunzi ndiye anayeuandika. Tumempa 1 Wafalme 19, pale Eliya alipolala chini ya mti akitamani kufa na malaika akamwamsha mara mbili ale. Tumemwomba pia asiandike sauti kwanza. Ukikamilika, maandishi yote yatapelekwa kwa wanaohusika na liturujia jimboni kabla ya kwaya kuyashika, maana namba 87 ya Mwongozo uleule inadai wimbo wa Komunyo uwe ule uliokubaliwa na mamlaka ya Kanisa. Kabla ya hapo tutaujaribu kwa waamini wachache ambao hawajauona: tutawaimbia kiitikio mara mbili, kisha tutanyamaza na kusikiliza wanachokirudisha. Silabi watakayoiruka au kuibadilisha ndiyo tutakayoanza nayo kikao kijacho.